Dakika, Nusu Dakika, Robo Dakika

Jumatatu, 8 Septemba

Tangazo la mbegu za mahindi limefika. Jina la mbegu siliandiki humu kwa kuwa mkataba bado ni siri. Nitaandika JINA tu, na hesabu yangu ikumbuke kwamba lina silabi nne.

Skripti imeandikwa na watu wa mteja wenyewe, mabwana shamba wanaoijua mbegu yao. Ni nzuri na ni ndefu mno. Nimeisoma kwa sauti mezani huku saa ya simu ikitembea, nikamaliza kwenye dakika mbili na sekunde kumi na kitu. Haraka sikufanya. Mteja anataka matoleo matatu, la sekunde 60, la 30 na la 15, yote yapigwe redioni Nyanda za Juu Kusini kabla ya kupanda.

Yaliyomo, kwa ufupi: majirani wawili wanakutana shambani. Mmoja anashangaa mahindi ya mwenzake yalivyonawiri. Mwenzake anamweleza JINA ni nini, inakomaa mapema, ukipanda kwa nafasi na kuweka mbolea na kupalilia kwa wakati unaweza kuvuna hadi gunia 30 kwa ekari. Kisha historia ya kampuni, ukubwa wa vifuko, lebo ya TOSCI, namba ya simu ikasomwa mara mbili, na salamu za kuagana.

Meneja masoko ameniambia kwenye simu, "Dada, wewe punguza punguza tu, kila kitu kibaki." Nimecheka kimya kimya. Kila kitu hakibaki. Ukichukua skripti hii ukaibana ikaingia kwenye sekunde 15, atakayesikia atajua jambo moja tu: kuna mtu anakimbia.

Jumanne, 9 Septemba

Hesabu kwanza. Maneno siyahesabu, nahesabu silabi, maana neno la Kiswahili halina ukubwa maalumu. "Na" ni neno na "tunawakaribisheni" ni neno. Ukimwambia mtu tangazo la nusu dakika ni maneno 60, anaweza kukuletea kitu kinachosomeka kwa sekunde 20 au kwa sekunde 40, na wote wawili mkawa sahihi.

Msomaji wa matangazo anayesoma kwa utulivu, akavuta pumzi mahali pake, huwa nampa silabi tano na nusu kwa sekunde. Wapo wanaofika saba na bado wanaeleweka, lakini hao ni wa matangazo ya tamasha na mechi. Mkulima anayesikiliza huku anaandaa shamba nampa nafasi.

Kisha natoa sekunde za sauti zisizo maneno: mlio wa mwanzo, mkia wa mwisho, vituo vya katikati. Kwenye dakika nzima inabaki kama sekunde 52 za kusema, yaani silabi 286. Kwenye 30 inabaki 26, silabi 143. Kwenye 15 inabaki sekunde 12 na nusu, silabi 69 ukikaza.

Tazama hapo. Lile la 15 halipati robo kamili ya maneno ya lile la 60, kwa sababu mlio wa mwanzo haukubali kugawanywa kwa nne. Nimeyaandika haya pembeni mwa skripti ili meneja ayaone kwa macho yake.

Namba ya simu nimeipima peke yake. Tarakimu kumi, silabi kama 21, na lazima upumue baada ya kila tatu au nne la sivyo hakuna anayeishika. Hiyo ni sekunde tano mpaka sita, na kuisoma mara moja hakusaidii, kwa hiyo mara mbili. Kwenye tangazo la 15 namba peke yake ingekula karibu kila kitu. Nimeiondoa kwenye matoleo yote matatu. Mbegu haiuzwi kwa simu, inauzwa dukani kwa wakala wa pembejeo, na namba ipo kwenye mfuko.

Alhamisi, 11 Septemba

La 60 limenisumbua kwa sababu ambayo sikuitarajia asubuhi: salamu.

Majirani wawili wakikutana shambani hawawezi kuanza kuzungumza mahindi. Habari za asubuhi, nzuri, za nyumbani, salama, karibu, ahsante. Nimepima, karibu sekunde tisa, na hapo hatujataja mbegu. Nikijaribu kuzifuta, jirani anaingia shambani kwa mtu na kuuliza "Mbona mahindi yako yamenawiri?" kama polisi. Msikilizaji wa Makambako au Mbozi anasikia ukosefu wa adabu kabla hajasikia tangazo. Na mmoja akiwa mzee, kuna shikamoo na marahaba, hizo haziachwi kabisa.

Dawa nimeipata kwa kubadilisha watu. Mama na mwanawe mkubwa, nyumbani, walishasalimiana tangu alfajiri. Mazungumzo yanaanza katikati na hakuna anayekosewa heshima.

Mabadiliko hayo yameleta faida nyingine. Mwanzo wa skripti ya mteja ulikuwa sifa ("yamenawiri"), na sifa haina ugomvi ndani yake. Mama na mwana wana jambo la kubishania, nalo lilikuwa limejificha kwenye aya ya nne ya mabwana shamba: watu wanachukua mahindi ya chotara waliyovuna mwaka jana, wanachagua punje nene, wanazipanda tena. Chotara ukiirudia inapoteza nguvu yake, kizazi cha pili hakilingani na cha kwanza, shamba linatoka kwa urefu tofauti tofauti na mavuno yanashuka. Hilo ndilo linalomfanya mtu anunue mbegu kila msimu, na ndilo gumu kumwambia kwa kuwa linamgusa mfukoni. Afadhali aambiwe na mama.

Nimeandika hivi:

(Punje zinamiminwa kwenye sahani ya bati.)
MAMA: Hizo punje unazitoa wapi?
KIJANA: Ghalani, mama. Za mwaka jana. Nipande hizi hizi.
MAMA: Mwanangu, ile ilikuwa mbegu chotara. Ukiirudia, haizai kama mara ya kwanza.
KIJANA: Sasa tupande nini?

Silabi 66 mpaka hapo, sekunde 12. Katika sekunde 12 kuna watu wawili, kosa na swali. Kwenye skripti ya mteja sekunde tisa kati ya hizo zilikuwa za salamu.

Historia ya kampuni imekwenda. Ukubwa wa vifuko umekwenda. Kuagana kumekwenda.

Ijumaa, 12 Septemba

La 30. Nilianza kwa kulikata kutoka kwenye lile la 60, kama kila mtu anavyofanya, na likakataa. Mazungumzo hayaingii kwenye nusu dakika. Sauti mbili zinahitaji kutambulishwa, hii ni ya nani na ile ya nani, halafu ndiyo jambo lianze, halafu kuna sekunde ya kimya kati ya swali na jibu ambayo ukiifuta watu wanasikika kama wanasomeana karatasi. Nimemwacha mama peke yake, na hata yeye hazungumzi na mtu, anasema na msikilizaji.

(Punje kwenye sahani.)
Mvua za msimu zinakaribia. Mwaka huu panda JINA, mbegu ya mahindi chotara inayokomaa mapema. Ukipanda kwa nafasi, ukaweka mbolea na kupalilia kwa wakati, unaweza kuvuna hadi gunia thelathini kwa ekari. JINA inapatikana kwa wakala wa pembejeo aliye karibu nawe. Kabla ya kupanda, kwangua lebo ya TOSCI, hakiki. JINA.

Silabi 133. Zimebaki kumi, na nimeziacha wazi kwa makusudi. Msomaji atazitumia kupumua.

Kuna jambo moja la ukataji ambalo halionekani kwenye karatasi, na ukilisikia hewani umechelewa. Skripti ya mteja ilisema: "Tuna vifuko vya kilo moja, kilo mbili na kilo kumi. Vinapatikana kwa mawakala wote." Nilifuta sentensi ya kwanza nikaendelea na kazi. Saa moja baadaye nimesoma kwa sauti: "...gunia thelathini kwa ekari. Vinapatikana kwa mawakala wote." Nini hivyo? Vifuko vimeshaondoka, vi- yao imebaki imesimama peke yake. Msikilizaji hataijua sarufi yake wala hatalalamika, atahisi tu kwamba kuna kitu kimempita, na katika hiyo nusu sekunde ya kutafuta ndipo jina la mbegu linapotajwa. Kila ninapofuta jina, sasa napitia ngeli yake mpaka mwisho wa aya: vitenzi, vivumishi, hizo na hivyo na huo.

Jumatatu, 15 Septemba

Kikao kwa mteja. Meneja masoko, bwana shamba mkuu, na kijana mmoja wa mauzo mwenye haraka.

La 60 limewapendeza. Bwana shamba amecheka pale pa "nipande hizi hizi", akasema kila msimu anaisikia.

Vita ilikuwa kwenye la 30. Kijana wa mauzo amelisoma akauliza kwa nini jina la kampuni halimo. Nimemwambia nafasi. Akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya "Ukipanda kwa nafasi, ukaweka mbolea na kupalilia kwa wakati" akasema, "Dada, hapa kuna nafasi." Kwa hesabu ni kweli, sentensi hiyo ina silabi 25, sekunde nne na nusu, na kampuni yao ingeingia hapo na kuzidi. Kisha akaona "hadi" na akaifuta nayo, kwa mkono mwepisi, kama unavyofuta unga mezani.

Ikabaki: "Unaweza kuvuna gunia thelathini kwa ekari."

Bwana shamba ndiye aliyemjibu, sikuhitaji kusema kitu. Alisema gunia 30 za kilo mia kwa ekari ni tani tatu, na mkulima anayepanda bila mbolea, akapalilia mara moja na kuchelewa, haoni hata nusu yake. Alisema mtu huyo mwakani hatanunua JINA wala mbegu yoyote, na atawaambia watu wa kanisani kwake. Kijana akanyamaza.

Niliongeza la kwangu. Ahadi na sharti lake husafiri pamoja. Ukikosa nafasi ya sharti, umekosa nafasi ya ahadi, unaviacha vyote viwili. Neno "hadi" lina silabi mbili na halijapata kunisaidia kuokoa sekunde yoyote inayoonekana kwenye saa, lakini likitoka, tangazo linageuka uongo. Kwa hiyo kwenye la 15 hakutakuwa na gunia kabisa. Meneja aliruka kidogo. "Gunia ndiyo habari yenyewe!" Ndiyo, na itasikika kwenye 60 na 30, yenye masharti yake.

Nimetoka pale na sahihi zote isipokuwa ya la 15, ambalo sikuwa nimelipeleka.

Jumanne, 16 Septemba

La 15. Nimelala nalo.

Robo dakika haimshawishi mtu. Haina muda wa kumtoa mahali alipo. Inaweza kumkumbusha kitu alichokwisha kusikia, au kumsukuma afanye jambo moja leo. Mkulima aliyemsikia mama na mwanawe jioni anajua JINA ni nini. Anachohitaji saa moja asubuhi, kabla ya taarifa ya habari, ni kuambiwa siku zinakwenda. Kwa hiyo nimeandika kwa ajili ya mtu aliyesikia lile refu na nimemwacha asiyesikia, yeye atasikia jioni.

(Punje kwenye sahani.)
Mvua za msimu zinakaribia. Umeshapata mbegu ya JINA? Nenda kwa wakala, nunua mfuko wenye lebo ya TOSCI, kwangua, hakiki. JINA. Mbegu ya mahindi chotara.

Silabi 62. Kwa msomaji wangu hiyo ni sekunde 11 na kidogo, jumlisha mlio wa mwanzo na mkia, inakaribia 14. Kituo kinachotaka faili la 15 kamili hakitanikatia neno la mwisho.

Sentensi ya lebo nimeilinda kwa sababu mbegu bandia zinauzwa kwenye vifuko vizuri kuliko vya kweli, na huo ni wasiwasi wa kweli wa mnunuzi. Zaidi ya hapo, ni kitendo. Mtu anaweza kukifanya kwa ukucha. Tangazo fupi lenye kitendo linabaki kichwani kuliko lenye sifa.

Jina limetajwa mara mbili, mara ya pili peke yake, nafasi mbele na nyuma. Kwenye la 60 ni mara tatu. Kuna wanaodai jina litajwe kila sekunde tano. Sikubaliani nao, ila sitabishana nao hapa, daftari ni langu.

Jumatano, 17 Septemba

Studio, Sinza. Msomaji ni mama mmoja wa makamo, ametangaza miaka mingi, sauti yake ina mkwaruzo mdogo ambao sijapata kuusikia kwa mtu mwingine. Shikamoo, marahaba, chai kwanza.

Fundi sauti alipendekeza turekodi lile la 60 tu, halafu ya 30 na 15 ayakate humo kwenye kompyuta. Inaokoa muda wa studio. Nikamwomba tujaribu kwanza ili asidhani namkatalia kwa ukaidi. Alichukua sentensi ya gunia kutoka kwenye 60 akaipachika kwenye 30, na hata msomaji mwenyewe aliinua mkono. Kwenye la 60, baada ya "kwa ekari" kijana anauliza swali, kwa hiyo mama ameiacha sauti juu, inangoja. Kwenye 30 hakuna swali, sentensi inapaswa kutua. Ile iliyokatwa imening'inia juu, na neno linalofuata linaanza kabla haijashuka. Maneno ni yale yale kwenye karatasi. Kiimbo ndicho kinachojua kilikotoka.

Ikawa kila toleo limerekodiwa lake, mwanzo hadi mwisho. Tulianza na la 15, maana msomaji akianza na 60 mwili wake unazoea mwendo wa polepole na ukimpa 15 anakimbia kufidia. Akianza na fupi, refu linakuja limetulia.

Soma ya kwanza ya 15 ilitoka sekunde 16 na robo. Fundi akasema, "Naivuta kidogo, haitajulikana." Programu inaweza kuharakisha sauti bila kuipandisha juu, na asilimia tatu au nne kweli haijulikani. Hapa ingehitajika zaidi ya nane. Tukasikiliza: "kwangua, hakiki" imekuwa neno moja, na mkwaruzo wa sauti umegeuka kama wa chombo kilichoharibika. Tukarudi kwenye karatasi. Nilichobadilisha ni vituo, si maneno: msomaji alikuwa anasimama baada ya "wakala", baada ya "mfuko" na baada ya "TOSCI". Nikachora mstari chini ya sentensi nzima ili aichukue kwa pumzi moja, asimame kwenye "kwangua" tu. Ikatoka 13 na nusu.

Ijumaa, 19 Septemba

Sauti ya mwanzo. Nimeshaandika "punje kwenye sahani" kila mahali, lakini mteja aliomba radi, kama ilivyokuwa kwenye skripti yake. Radi ni nzuri studio. Zile spika kubwa zinatetemesha kiti. Fundi akaicheza kwenye redio ndogo ya betri anayoiweka dirishani, kisha kwenye simu yake, na radi haikuwepo. Uzito wote wa radi upo kwenye sauti za chini, ambazo spika yenye upana wa kiganja haizitoi. Kilichosikika ni mkoromo hafifu halafu mama anaanza ghafla, kama amekatwa.

Tulijaribu mvua juu ya bati. Hiyo inasikika kwenye redio ndogo, lakini kwenye redio ndogo mvua na mkwaruzo wa masafa ni ndugu. Mtu angesogeza antena. Isitoshe, mvua ikiwa tayari inapiga bati halafu mama akasema inakaribia, mtoto wa darasa la pili atauliza.

Punje kwenye sahani ya bati, zikamiminwa polepole halafu kwa wingi, zinasikika popote. Ni kali, zina mwanzo na mwisho, na kila nyumba inayolima inaujua mlio huo. Sekunde moja na nusu inatosha. Ni ile ile kwenye matoleo yote, sehemu ile ile, kwa nguvu ile ile. Hilo ndilo linaloyafunga matatu pamoja: aliyesikia la 60 jioni, akisikia punje asubuhi, tayari yupo jikoni na mama kabla neno halijasemwa. Kwenye la 15 mlio huo unafanya kazi ambayo maneno yangekula sekunde sita kuifanya.

Jumanne, 23 Septemba

Anayenunua muda hewani kwa niaba ya mteja ameleta ratiba. Ameweka ya 15 wiki mbili za mwanzo, nyingi, kwa kuwa bei yake ni ndogo na idadi inaonekana kubwa kwenye jedwali. La 60 limesogezwa mwisho.

Nimempigia. Nimemweleza kwamba ya 15 bila la 60 ni mtu anayekukumbusha ahadi ambayo hamjawahi kupeana. "Umeshapata mbegu ya JINA?" JINA nini? Amenielewa haraka, ni mtu mzuri, hakuwa amesikia matangazo, aliona urefu tu. Tumegeuza: la 60 linaanza, kwenye vipindi vya wakulima na jioni watu wakiwa nyumbani, mara chache kwa siku lakini kila siku. La 30 linaingia kwenye mapumziko ya vipindi kuanzia wiki ya pili. La 15 linakuja mwishoni, pembeni ya saa na taarifa ya habari, mara nyingi, mpaka watu wapande. Nilimwomba pia la 15 na la 60 yasifuatane kwenye mapumziko yale yale. Ameandika.

Kuna redio za jamii mbili ambazo hazichezi faili kwa mteja huyu, mtangazaji atasoma mwenyewe. Hao nimewaandikia toleo jingine la 60 lenye silabi 240 tu, bila mama na mwana. Mtangazaji hewani huongeza yake, "haya wakulima wangu mmesikia", na ukimpa silabi 286 atamaliza kwenye dakika na robo na atakachokimbiza ni cha mwisho, ambacho ni lebo.

Jumamosi, 4 Oktoba

Kitu kimoja kilichobaki, na ni afadhali kimenijia leo kuliko Novemba. "Mvua za msimu zinakaribia" ina tarehe ya kuharibika. Kule kusini mvua za Msimu huanza Novemba, mwaka mwingine zinachelewa, na utabiri wa TMA ndio wakulima wanausikiliza. Mvua zikianza, sentensi hiyo inakuwa kichekesho kwenye 30 na kwenye 15. Kwenye la 60 haimo, mama na mwana hawataji mvua, kwa hiyo lile linaweza kwenda msimu mzima.

Nimempigia msomaji, tumerudi studio asubuhi kwa nusu saa. Amesoma "Mvua za msimu zimeanza" kwa matoleo yote mawili. Zinakaribia ina silabi sita, zimeanza ina nne, kwa hiyo kuna nafasi kidogo imebaki mwanzoni na tumeiacha. Hatukurekodi sentensi moja ya kupachika, amesoma yote upya. Fundi hakuuliza kwa nini.

Faili zimetoka hivi:

```
JINA_60_MAMA_v3.wav
JINA_30_ZINAKARIBIA_v4.wav
JINA_30_ZIMEANZA_v1.wav
JINA_15_ZINAKARIBIA_v5.wav
JINA_15_ZIMEANZA_v1.wav
```

Jumatatu, 6 Oktoba

Kituo kimoja kimejibu kwamba nafasi zao za karibu na taarifa ya habari ni za sekunde 20, si 15. Meneja masoko ameandika mara moja: "Safi sana, sasa weka gunia 30."

Sekunde tano ni silabi 27. Gunia bila sharti lake ni silabi 20, pamoja na sharti ni 45. Haiingii. Nimemjibu hivyo, na hesabu yenyewe nimemwekea. Sekunde tano zile nimempa bwana shamba, aongeze sentensi moja ya kutopanda tena mahindi ya ghalani, isizidi silabi 25. Anasema ataileta kesho mchana.